Siku Mia-kwa-Mia Alipofua Shuka Zake Mwenyewe

Naweka dau, na dau lenyewe ni pasi yangu nzito ya kazini, ile ambayo hata ndugu wa damu simwazimi: hamtaniamini. Hamtaamini kwamba nilimwona kwa macho yangu mfanyabiashara wa duka la jumla, mtu wa kiatu kinachong'aa na saa ya dhahabu, amepiga magoti mbele ya beseni anafua shuka, povu limemfika kwenye viwiko. Na aliyempigisha magoti ni mwanamke aliyebakiza siku nne afukuzwe kazi. Kama kuna anayeamini aje achukue pasi. Simpi, lakini aje.

Mwanamke huyo ni shangazi yangu, dada wa baba. Kazini wote wanamwita Mama Futi, kwa sababu shingoni haikosi ile futi ya mafundi cherehani, ya njano, namba zimefutika mpaka ishirini lakini yeye anazijua kwa kichwa. Anapima kila kitu. Nilipoanza kuota ndevu alinipima urefu, akasema nimesharefuka vya kutosha, sasa niongeze akili. Akili niliongeza, tena kwa haraka, maana shule niliiaga darasa la sita nikamwachia mwalimu chaki yake, na leo sijamwona mwalimu anayeweza kunyoosha ukosi wa shati kama mimi.

Tunafanya kazi nyumba ya wageni yenye vyumba arobaini. Shangazi ni mkuu wa dobi na stoo ya matandiko. Mimi ni mtu wa pasi, ndiyo maana wananiita Pasi, na ndimi bora kuliko wote waliowahi kushika pasi pale. Waliotangulia walikuwa wawili tu, lakini ubora ni ubora.

Kabla ya hapo shangazi alikaa miaka tisa kwenye kiwanda cha nguo, kwenye mitambo ya kufumia, mpaka kiwanda kilipofungwa. Alitoka na masikio yasiyosikia vizuri upande wa kushoto na vidole ambavyo mimi naviogopa. Ukimpa kitambaa akifumba macho, anakisugua mara mbili, anakuambia nyuzi zake nene au nyembamba, zimebanana au zimeachana, pamba au mchanganyiko. Halafu hajiamini hata yeye mwenyewe. Anakwenda kwenye mwanga, anaweka kikaratasi alichokitoboa dirisha la inchi moja kwa inchi moja, anachukua sindano na kuhesabu nyuzi za wima, kisha za ulalo. Zikifika mia moja na themanini kwa jumla anatikisa kichwa kwa kukubali. Zikiwa mia moja na ishirini anaikunja shuka na kumrudishia mwenyewe bila neno. Kuna muuzaji alimwambia shuka yake ina nyuzi elfu. Shangazi alimwambia akae kitini amhesabie zote, akahesabu mpaka muuzaji akaomba ruhusa ya kwenda kusali na hakurudi.

Lakini jambo lake kubwa ni uzi wa pembeni. Shuka mpya ikiingia stoo haitandikwi kabla hajaishona mshono mdogo kwenye pembe. Kila mzigo na rangi yake. Mzigo mmoja wa shuka za Kengele, bluu. Mzigo uliofuata, kijani. Taulo hivyo hivyo, blanketi hivyo hivyo. Kwa hiyo shuka ikichanika hatubishani ni ya nani na ina umri gani. Unaangalia pembe. Na mizigo yote inafuliwa mtambo mmoja, sabuni moja, maji yale yale, kwa hiyo kama moja imekufa na mwenzake yuko hai, aliyekufa alikuja na ugonjwa wake kutoka kwao.

Za Kengele ni za kiwanda cha hapa hapa. Zikiwa mpya ni ngumu, zinakwaruza, mgeni akilala siku ya kwanza anadhani amefunikwa gunia. Ila ni pamba, zimebanana, na kila zikifuliwa zinazidi kulainika. Bluu yetu ilikuwa na miaka sita na bado inatandikwa. Shuka zilizochoka katikati shangazi anazikata anashona foronya, foronya ikichoka inakuwa tambara la kupangusia vioo. Hata kufa zinakufa kwa adabu.

Sasa akaja Mia-kwa-Mia.

Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu kila alichouza kilikuwa asilimia mia. Pamba asilimia mia, ubora asilimia mia, uaminifu asilimia mia. Nadhani hata mkewe alimtongoza kwa asilimia. Alimfuata bosi wetu, mama mmoja mjane aliyeijenga nyumba ile tofali kwa tofali na marehemu mumewe, akamwekea mezani pakiti yenye utepe. Shuka za Malkia. Nyeupe kama meno ya tangazo, laini, zina uzito, zinateleza mkononi. Taulo nene za Malkia, unaziona unataka kuoga. Na blanketi nane za kahawia zisizo na lebo, akasema ni sufu halisi, manyoya ya kondoo.

Kulikuwa na kundi kubwa la wageni wa semina linakuja wiki ile na bosi alikuwa na haraka. Shangazi aliombwa ushauri mlangoni, bosi ameshashika simu. Alisugua ile shuka kwa nguvu kati ya viganja viwili, akavikung'uta, ukamwagika unga mweupe kidogo kwenye sketi yake. Akasema, kwa sauti yake ile ndogo, kwamba afue moja kwanza, wangoje ikauke, ndipo wanunue. Mia-kwa-Mia akacheka akamwambia bosi kwamba huo ni unga wa kiwandani, alama ya upya. Bosi akanunua pea sitini.

Shangazi alizishona uzi wa njano pembeni, zote, bila kusema kitu. Mimi nilisema. Nilisema mengi tu, ila hayaandikiki.

Kufua mara ya tano tu, mambo yakawa hadharani. Shuka za njano zilikuwa unaweza kusomea gazeti kwa nyuma yake. Na zimekuwa fupi. Mgeni akijigeuza mara moja, shuka inaruka kutoka miguuni, anaamka amelala juu ya godoro tupu, amejifunga shuka shingoni kama mtu aliyeokolewa mafurikoni. Taulo nazo zilikuwa hazinywi maji. Unajipangusa, maji yanahama tu kutoka begani kwenda mgongoni. Nyuzi zake zilikuwa zinavutika, pete ikinasa, kidole kinatoka na uzi wa nusu mita.

Na blanketi. Hizi nizieleze vizuri, kwa sababu nilizifua mimi. Shangazi alikuwa amekwenda kliniki siku ile, akaniachia zamu. Nilizishika zile blanketi nikajua papo hapo: plastiki. Mimi mkono wangu haudanganywi. Sufu halisi kwa mtu kama Mia-kwa-Mia? Thubutu. Nikazitia kwenye mtambo kwa maji ya moto kama shuka, mzunguko mrefu. Zilitoka zimekuwa ngumu, nene kama zulia la mlangoni, na zimepungua mpaka zingemtosha mtoto wa chekechea. Nikasema basi, unaona, plastiki mbovu ikiguswa na joto inajikunyata. Ushahidi wa tatu huo.

Bosi alimwita Mia-kwa-Mia. Alikuja na manukato yake, akashika shuka ya njano kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nilikuwa nimesimama mlangoni na rundo la foronya, nilisikia kila neno.

"Mama, mali hii ni asilimia mia. Tatizo lako ni dobi. Huyu mama anachemsha nguo kama anachemsha viazi. Hajui kufua."

Hajui kufua. Mwanamke aliyefua miaka kumi na tisa.

Bosi akamgeukia shangazi akamuuliza blanketi nazo amezifua nani. Nilifungua mdomo. Shangazi hakunitazama. Akasema, "Ya dobi yote ni yangu, mama."

Bosi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema shangazi amalizie wiki, akabidhi funguo za stoo, atatafutiwa kazi ya bustani kama anaitaka, na kama haitaki basi. Halafu akamwambia Mia-kwa-Mia alete pea nyingine sitini za Malkia, safari hii zitafuliwa na mtu mwingine. Yaani yule bwana alitupiga, halafu akalipwa atupige tena.

Ile siku moyo ulinifura. Nilimwambia shangazi mipango yangu. Nilikuwa nayo kama saba. Mmoja ulihusu matairi ya gari lake. Mwingine ulihusu siafu. Shangazi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, anashona mshono wa njano uliofumuka kwenye pembe ya shuka ambayo hata hivyo ilikuwa ya kutupwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Matairi atanunua mengine," akasema. "Mimi nataka afue."

"Afue nini, shangazi?"

"Alichouza. Kwa mikono yake. Mbele ya yule aliyemwambia kwamba mimi sijui."

Nilimtazama. Miaka yote ile sikuwahi kuona sura ile. Ilikuwa imetulia kabisa, na mimi mtu akitulia namna ile nasogea pembeni.

Asubuhi yake alikwenda kwa bosi. Hakulia, hakujitetea. Aliweka funguo za stoo juu ya meza, akasema anazikabidhi mapema ili bosi asiwe na wasiwasi. Kisha akaomba kitu kimoja kwa ajili ya miaka kumi na tisa: pea sitini zikija, muuzaji afungue pakiti anayoitaka mwenyewe, aifue mwenyewe, kwa maji na sabuni anavyoona yeye ndivyo, kabla bosi hajapokea mzigo. Pembeni ifuliwe na shuka moja mpya ya Kengele. Basi. Bosi alifikiri kidogo, akasema hilo halimpotezei kitu.

Mia-kwa-Mia alipoambiwa alicheka mpaka akashika tumbo. Angeweza kukataa. Mtu mwenye akili angesema ana mkutano. Lakini alishajisifu mbele ya watu, na wapishi na wahudumu walikuwa wamejaa uani kwa sababu mimi, bila kujivuna, nilikuwa nimewatangazia kila mmoja. Akavua saa, akanipa niishike. Nilitamani kuifua nayo.

Shangazi alianza na futi. Alimwomba Mia-kwa-Mia ashike ncha moja. Shuka ya Malkia kutoka kwenye pakiti: mita mbili na nusu kwa urefu. Ya Kengele: mita mbili na nusu. Akazisoma namba kwa sauti, akamtaka naye azisome, akasoma.

"Maji ya moto?" shangazi akamuuliza.

"Vuguvugu. Nguo nzuri haichemshwi, mama."

"Vuguvugu basi. Sabuni kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo basi. Karibu."

Akapiga magoti. Ile sauti ya magoti yake kwenye sakafu ya uani ninayo mpaka leo, nikiwa na huzuni naikumbuka naponea hapo. Alitumbukiza shuka kwenye beseni la plastiki, akaanza kuisugua kwa madaha, vidole vimesimama. Kwenye beseni la pili mhudumu mmoja wa vyumbani akasugua Kengele, naye kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo.

Haikupita dakika tatu. Maji ya beseni la Mia-kwa-Mia yakawa meupe. Si povu, nasema maji yenyewe, mazito, kama maziwa yaliyochakachuliwa. Mpishi mmoja akasogeza shingo akauliza kwa upole kama bwana anafua au anakoroga. Watu wakaanza kuchekea mikononi. Maji ya beseni la Kengele yalikuwa na rangi ya maji tu.

Hapo shangazi akamweleza bosi, pole pole kama anayemwelekeza mtu njia. Shuka ile imefumwa nyuzi zimeachana, kwa sababu uzi mchache ni gharama ndogo. Ili isijulikane, wanaishindilia wanga. Wanga unaziba matundu, unaongeza uzito, unaifanya iteleze na kung'aa. Ukiifua, wanga unaondoka na maji, unabaki na kile ulichokinunua. Ule unga uliomwagikia sketi yake siku ile ndio huu.

Mia-kwa-Mia alisema rangi ya maji si hoja. Alikuwa na jasho kwenye pua. Shangazi akamwambia kweli, si hoja, asuuze tu. Akasuuza. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiatu kimoja kilishaingia maji, kikawa kinalia kila akijisogeza. Kila akitaka kusimama shangazi anamwambia kwa adabu zote, "Bado kidogo, baba, wanga haujaisha." Alimwita baba, jamani. Nilikuwa nakaribia kupasuka.

Shuka zikaanikwa juani. Shangazi akakataa zipimwe mbichi, kwa sababu nguo mbichi ni mwongo, inavutika, ingempendelea mtu. Tukangoja zikauke kabisa. Wakati tunangoja ikaja zamu yangu.

Nilitoa taulo mbili, moja ya Malkia mpya, moja ya zamani ya kiwanda cha Farasi yenye mshono wa kijani, miaka minne kazini. Nikadondosha tone la maji juu ya Malkia. Likakaa juu limejiviringisha kama ushanga, likanitazama. Kwenye Farasi tone halikupata hata muda wa kusalimia, lilinywewa. Bosi akasema labda ni ile dawa ya kulainisha ya kiwandani, ikifuliwa inaisha. Si mjinga yule mama, na ni kweli taulo mpya huwa hivyo. Nikamwambia basi tujaribu na ile ya Malkia iliyokwisha kufuliwa mara tano. Tone likakaa vile vile, likasita, likazama kwa shingo upande.

Kisha nikavuta uzi kutoka kila taulo, nikawasha kiberiti. Uzi wa Farasi uliwaka taratibu, ukanuka karatasi iliyoungua, ukaacha majivu laini ya kijivu, nikayapuliza yakapotea. Pamba. Uzi wa Malkia uliukimbia moto kwanza, ukajikunja, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi, na ulipopoa ukaacha kishanga cheusi kigumu. Nikamkabidhi bosi akibonyeze kwa kucha. Hakikubonyea.

"Hii asilimia mia ya nini?" bosi akamuuliza.

Mia-kwa-Mia akasema kiwanda kinaweza kuwa kimechanganya kidogo. Nikamwambia adai radhi kwa kiberiti, kimemsingizia. Watu walicheka sasa bila kujificha, na mimi nilikunywa kicheko kile kama mtu aliyetoka jangwani. Alikuwa amesema shangazi hajui kufua. Kila kicheko nilikihesabu.

Shangazi akaninong'oneza, "Vuta na uzi wa blanketi. Choma na huo."

Nikamwambia ya nini, mbona inajulikana. Mtu aliyedanganya shuka akadanganya taulo, atasema kweli kwenye blanketi? Nikaichukua moja ya zile zilizokunyata, nikaitandaza mbele ya bosi na watu wote, nikasema hii nayo ndiyo sufu ya Mia-kwa-Mia. Mia-kwa-Mia akaruka. Hapo ndipo alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza, akaapa kwamba shuka sawa, taulo sawa, lakini blanketi ni sufu, wallahi ni sufu, na sufu haiingii maji ya moto. Uani kote wakamzomea. Alikuwa amekwisha kuapa asilimia mia mara nyingi mno, hiyo moja haikuwa na pa kukaa. Shangazi akasogea. Aliiangalia ile blanketi, akaigusa, akaniangalia, halafu akaenda kugeuza shuka kambani.

Zilipokauka nilizipiga pasi mwenyewe, bila kuzivuta, naweka na kunyanyua tu, mbele ya macho ya adui. Kazi safi, kama kawaida yangu. Shangazi akampa Mia-kwa-Mia ncha ya futi, akamwambia asome yeye.

Kengele: mita mbili na sentimita arobaini na nne. Ilipungua sentimita sita, na shangazi akasema itapungua nyingine mbili tatu ikifuliwa tena, halafu itatulia, ndiyo tabia ya pamba nzuri.

Malkia: alisoma kimoyomoyo. Shangazi akamwomba asome kwa sauti, sikio lake la kushoto bovu.

"Mbili na thelathini na tatu."

"Na hujachemsha," shangazi akasema.

Akamchukua yeye na bosi mpaka chumba cha kwanza kulia, akamwambia Mia-kwa-Mia atandike. Godoro letu lina urefu wa mita moja na sentimita tisini, unene ishirini. Kushuka pande mbili, kichwani na miguuni, hiyo ni mita mbili na thelathini. Shuka ya mbili na nusu inakuachia sentimita kumi kila upande za kuchomeka chini ya godoro. Yake ilibakiza sentimita moja na nusu kila upande. Alichomeka, ikachomoka. Akachomeka miguuni, kichwani ikaruka. Alizunguka kitanda kile kama mtu anayefukuza kuku, kiatu kinalia, na shangazi amesimama mlangoni na futi shingoni. Mwisho bosi ndiye aliyemwambia aache.

Alimwambia abebe pea sitini mpya, azibebe na zile za zamani zenye uzi wa njano, na taulo, na blanketi saba, moja ikasahaulika stoo, na alete badala yake au wakutane mbele ya sheria. Halafu akatoa funguo mfukoni. Hakuomba radhi kwa maneno mengi, yeye si mtu wa hivyo. Alizishika funguo kwa mikono miwili, akasema, "Mama Futi, kuanzia leo hakiingii kitu humu ndani kabla hujakifua."

Shangazi akazipokea. Mia-kwa-Mia alikuwa anapita koridoni amebeba rundo limemfika kidevuni, haoni mbele. Shangazi akampisha njia, na alipomkaribia akasema kwa sauti ya kumtosha yeye na mimi tu, "Sasa na wewe unajua kufua." Sijawahi kusikia kitu kitamu kama hicho, na mimi nimesikia mengi matamu, mengine nimeyasema mwenyewe.

Kisasi hakikuishia hapo, nilikisimamia. Nilizunguka nyumba za wageni zote ninazozifahamu, na ninazifahamu zote, nikiwa na shuka moja ya njano niliyoibakiza, kwenye mfuko. Nilikuwa naitandaza dirishani tu, jua linapita, watu wanajionea. Wanauliza ya nani, nawaambia mwenyewe yuko anafua. Mwezi wa pili wale wateja wake wote walikuwa wamerudi kwa Kengele. Mwezi wa nne duka la Mia-kwa-Mia lilikuwa linauza ndoo. Nasikia anasema zinadumu, ila asilimia hataji.

Shangazi hakunisifu kwa hilo. Alinikabidhi sindano, akasema sasa nimekua, nianze kushona pembe mwenyewe. Mzigo mpya wa Kengele ni rangi nyekundu.

Juzi natafuta uzi mwekundu stoo nikaikuta ile blanketi iliyosahaulika, chini kabisa ya rafu, imekunyata vile vile. Nilikuwa na kiberiti mfukoni. Nikachomoa uzi mmoja, nikauwasha. Haukuyeyuka. Uliwaka kwa uvivu, moto ukazimika wenyewe nilipouondoa, ukanuka nywele zilizoungua. Nikaubonyeza kwa vidole, ukawa unga mweusi.

Ilikuwa sufu. Niliiharibu mimi kwa maji ya moto. Hapo nilikosea.